Photoshop inasema diski ya muda imejaa, ilhali diski D ina gigabaiti 600 tupu

BiPicha_Moro

Wadau, salaam. Ninaendesha studio ndogo ya picha hapa Morogoro, na tangu Jumatatu nimekwama kwenye bango la harusi lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.5. Kazi inakwenda vizuri kwa nusu saa hivi, kisha nikitia ukungu kwenye mandhari ya nyuma au nikijaribu kuunganisha tabaka, programu inasimama na kunipa maneno haya:

```
Could not complete your request because the scratch disks are full.
```

Kompyuta yangu ni ya mapajani, inatumia Windows 10, ina RAM ya gigabaiti 8, diski C ni SSD ya gigabaiti 128, na diski D ni ile ya kuzunguka, ya terabaiti 1, ambayo bado ina gigabaiti 600 tupu. Bango lenyewe nimelihifadhi D. Nimekwisha kuhamisha video zote kutoka C, nimemwaga pipa la taka, nikapata gigabaiti 11 zilizo wazi, lakini zikaisha tena mchana uleule. Jambo linalonichanganya ni kwamba faili liko D, D ina nafasi tele, na bado programu inalalamika kwamba diski imejaa. Mteja anataka bango Ijumaa.

MzeeNegativu

Pole, binti. Mimi nilianza kazi hii enzi za chumba cha giza, na neno hilo "scratch" nalifahamu vizuri kwa sababu ndilo tulilolitumia kwa mikwaruzo ya negativu. Diski yako imekwaruzika. Diski za kuzunguka zina sahani ndani, na kompyuta ya mapajani ikiangushwa kichwa hugusa sahani. Nakili kazi zako zote leo hii, kisha mpe fundi aikague kabla haijafa.

Kijana_wa_Kompyuta

Shikamoo mzee, lakini hapa haihusu mikwaruzo. Hili ni tatizo la RAM. Gigabaiti 8 ni kidogo mno kwa Photoshop ya siku hizi, na RAM ikiisha ndipo inapoanza kuandika kwenye diski. Dada, ongeza ifike 16 au 32 na hutauona tena ujumbe huo. Wakati unasubiri, nenda Edit > Preferences > Performance, uvute kile kipimo cha Memory Usage hadi asilimia 100. Halafu fungua `%TEMP%` ufute kila kilichomo, kisha ufungue folda ya AutoRecover nayo uisafishe, maana huko ndiko takataka za Photoshop zinakojificha.

FundiSeka

BiPicha, kabla hujafuta chochote, naomba usiiguse folda ya AutoRecover. Humo ndimo Photoshop inamoweka nakala ya kazi uliyokuwa hujaihifadhi, ili umeme ukikatika iweze kukurudishia. Si takataka, na kwa kazi ya Ijumaa huenda ndiyo itakayokuokoa.

Sasa nijibu swali lako lenyewe, kwa sababu umeuliza jambo la msingi ambalo wengi hawalioni. Mahali ulipolihifadhi bango hapana uhusiano na mahali ambapo Photoshop inafanyia kazi. Unapolifungua, programu hulinakili vipande vipande katika RAM, na kile kisichoenea humo hukiandika katika faili lake la muda ambalo wewe hulioni. Faili hilo hukaa kwenye diski iliyochaguliwa katika Preferences, na kama hujawahi kuchagua, diski hiyo ni C. Kwa hiyo D inaweza kuwa na terabaiti kumi tupu na bado ukapata ujumbe huo, kwa kuwa Photoshop haijaambiwa iitumie.

Mdogo wangu Kijana amesema kweli nusu. RAM ikiwa nyingi, programu huandika kidogo zaidi kwenye diski. Lakini hata yenye gigabaiti 32 hutengeneza faili la muda pindi inapowaka, na ikikuta diski haina nafasi haitafunguka kabisa. Shauri la asilimia 100 ndilo baya zaidi: ukiipa Photoshop RAM yote, Windows yenyewe itakosa pa kukaa na itaanza kuhamishia mambo yake kwenye faili lake la kubadilishana, ambalo nalo kwa kawaida liko C. Hapo utakuwa na walaji wawili kwenye sahani moja iliyokwisha kuwa tupu. Kiache kipimo hicho kwenye asilimia 70 zilizowekwa na watengenezaji.

Naomba unijibu mambo matatu. Bango lina pikseli ngapi kwa inchi? Ulilihifadhi kama PSD au PSB? Na je, wiki hizi mbili kompyuta imewahi kuzimika ghafla ukiwa ndani ya Photoshop?

BiPicha_Moro

Ahsante sana, Fundi. Nimeweka 300 kwa inchi kwa kuwa ndivyo ninavyoweka kila picha ya kuchapa. Nilihifadhi kama PSB, si kwa kupenda, bali PSD ilikataa. Kuhusu kuzimika, betri yangu ilikufa zamani, kwa hiyo kompyuta inategemea umeme wa ukutani peke yake, na umeme umekatika mara mbili nikiwa kazini: Alhamisi ya wiki iliyopita jioni, na Jumapili.

Studio_Likoni

Mimi niko Mombasa na nilipata ujumbe huohuo kwa picha za pasipoti, ambazo ni ndogo kuliko kiganja! Nilibadilisha diski, nikafuta vitu, wala haikusaidia. Picha ilikuwa megabaiti nne tu kwenye kadi, na nilipokata kwa zana ya kukatia tu, papo hapo: scratch disks are full. Kwa hiyo nadhani ni kosa la programu yenyewe, dada. Iondoe uiweke upya.

FundiSeka

Studio_Likoni, ya kwako nitaijia, kwa sababu naihisi.

BiPicha, jibu lako la PSB limenitosha. Faili la aina ya PSD haliruhusu upande wowote kuzidi pikseli 30,000. Mita 3 kwa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 35,433, na kimo chako ni 17,717, ndiyo maana PSD ilikataa. Zidisha hizo mbili upate pikseli milioni 628 hivi. Kila pikseli ya rangi tatu katika biti 8 inachukua baiti tatu, kwa hiyo tabaka moja lililojaa bango zima ni takriban gigabaiti 1.9. Picha ya maharusi ikijaza bango ni tabaka moja. Mandhari ni la pili. Ukinakili tabaka la mandhari ili ulitie ukungu, hilo ni la tatu, na hapo tayari umekaribia gigabaiti sita, ilhali Photoshop kwenye RAM yako ya 8 inapewa tano na ushei.

Juu ya hapo kuna zile hatua za kurudi nyuma. Kwa kawaida Photoshop inakumbuka hatua 50. Watu husikia hivyo wakadhani kila hatua ni nakala ya picha nzima, lakini si hivyo. Programu huigawa picha katika vigae na hutunza vile vigae vilivyobadilika tu. Ukipaka brashi kwenye jicho la bibi harusi, hatua hiyo hugharimu kidogo sana, na unaweza kupaka mara arobaini bila kuhisi kitu. Ukitia ukungu kwenye tabaka zima, kila kigae kimebadilika, na hatua hiyo moja inalazimika kutunza karibu gigabaiti mbili nyingine. Ndiyo sababu unafanya kazi vizuri nusu saa nzima ya kusafisha nyuso, kisha ukungu mmoja unakuangusha.

Sasa tuangalie lile jambo la umeme. Faili la muda hufutwa na Photoshop yenyewe inapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika haipati nafasi ya kulifuta, na inapowaka tena hutengeneza jingine jipya, huku lile la zamani likibaki pale pale milele. Fungua Command Prompt, uandike hivi:

```
dir "%TEMP%\Photoshop Temp*" /a
```

Tuletee unachokiona, hasa ukubwa na tarehe. Usifute bado.

BiPicha_Moro

Nimeandika, imejibu kwa maandishi mekundu marefu kwamba njia haipo.

FundiSeka

Maandishi mekundu yanaonyesha umefungua PowerShell. Hiyo haielewi alama za asilimia. Andika `cmd` kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue ile nyeusi, kisha rudia.

BiPicha_Moro

Ni kweli, nilikosea. Sasa nimeona mafaili matatu, kila moja likianza na Photoshop Temp na kufuatiwa na tarakimu nyingi. La kwanza ni gigabaiti 21 na lina tarehe ya Alhamisi iliyopita. La pili ni gigabaiti 14, la Jumapili. La tatu ni la leo. Kwa hiyo gigabaiti 35 za C zimekaliwa na kazi ambayo haipo tena? Mimi nimehamisha hata video za mahafali ya mwanangu kutafuta gigabaiti 11!

Kijana_wa_Kompyuta

Dada, subiri kwanza. Kama umeme ulikatika Jumapili na kulikuwa na kazi hujaihifadhi, lile la gigabaiti 14 ndilo lenye kazi yako. Libadilishe jina, uliishie `.psd`, kisha ulifungue. Niliona mtu akieleza hivyo.

FundiSeka

Nami niliona maelezo hayo, nikayajaribu kwa mafaili ya wateja zaidi ya mara moja. Photoshop inasema si faili inalolifahamu. Ndani yake mna vigae vya picha vilivyotupwa kwa mpangilio ambao programu ilikuwa inaukumbuka kichwani mwake, na umeme ulipokatika kumbukumbu hiyo iliondoka. Hamna kichwa cha faili wala orodha ya tabaka, na kulibadilisha jina hakuviumbi. Kama kuna kazi ya Jumapili iliyosalimika, itakuwa kwenye AutoRecover, nayo ingejifungua yenyewe ulipowasha Photoshop mara ya kwanza baada ya hapo. Je, ilijifungua?

BiPicha_Moro

Ndiyo, ilifunguka na neno Recovered kwenye jina, nikaihifadhi upya. Nilipoteza kama dakika kumi tu za kazi.

FundiSeka

Basi hakuna deni. Hifadhi bango, funga Photoshop kabisa, kisha fungua Task Manager uhakikishe hakuna `Photoshop.exe` iliyobaki ikining'inia, maana mara nyingine dirisha hutoweka na programu ikaendelea chini kwa chini. Rudia ile amri ya `dir`. Faili la leo litakuwa limeondoka lenyewe, yabaki yale mawili. Baada ya hapo:

```
del /p /a "%TEMP%\Photoshop Temp*"
```

Ile `/p` inakuuliza kwa kila faili kabla ya kulifuta. Ikikataa kwa madai kwamba faili linatumiwa, ujue kuna Photoshop iliyo hai mahali fulani. Usilazimishe, washa kompyuta upya.

Nimekupa amri inayogusa mafaili ya Photoshop peke yake kwa makusudi. Kufuta kila kitu kilichomo `%TEMP%`, kama alivyoshauri Kijana, kwa kawaida hakuleti maafa, lakini kuna programu nyingine zinazofanya kazi humo wakati huohuo, na baadhi ya visakinishi huacha vitu vinavyosubiri kompyuta iwashwe upya. Anayetaka kufanya hivyo awashe upya kwanza, afanye kabla hajafungua kitu kingine.

MzeeNegativu

Nimesoma nikaelewa nilipopotea. Kumbe "scratch" ya hapa ni kama kile kikaratasi cha hesabu ambacho mwanafunzi anakitumia pembeni kisha anakitupa, wala si mkwaruzo. Hata hivyo nashikilia shauri langu la kunakili kazi.

FundiSeka

Mzee wangu, umeeleza vizuri kuliko mimi. Na la kunakili halina mpinzani.

BiPicha_Moro

Nimefanya. La leo liliondoka lenyewe kama ulivyosema, nikayafuta yale mawili, na sasa C ina gigabaiti 46 wazi. Je, nihamishie kazi ya muda D sasa, au niache C?

Kijana_wa_Kompyuta

Acha C. SSD ni ya kasi, D ni ya kuzunguka. Ukihamishia D utazeeka ukisubiri. Weka C ya kwanza, D ya pili kama akiba, basi.

FundiSeka

Hapa mimi na Kijana tunatofautiana, na nakiri hoja yake ina uzito. Utaratibu ni huu: Edit > Preferences > Scratch Disks. Utaona orodha ya diski zako zote, kila moja na kisanduku cha Active pamoja na nafasi iliyo wazi. Zenye alama ndizo zitakazotumiwa, na mishale ya pembeni inapanga ipi itangulie. Ya kwanza ikijaa, Photoshop inaendelea kwenye ya pili bila kukuuliza. Mabadiliko hayafanyi kazi hadi uifunge programu na kuifungua tena.

SSD ya kawaida ya SATA husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mapajani hufikia kama 100 ikiwa katika hali nzuri, tena inaposoma mfululizo. Kwa vigae vilivyotawanyika hushuka chini sana ya hapo. Kwa hiyo ukitazama kasi peke yake, Kijana ameshinda. Hofu yangu ni kwamba C yako ni ndogo, ndiyo yenye Windows na faili lake la kubadilishana, na bango moja limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kula gigabaiti 21. Photoshop ikijaza C hadi mwisho kabla ya kuhamia D, kompyuta nzima ndiyo itakayokwama, si bango tu. Mimi kwa mashine kama yako huweka D peke yake na kukubali ucheleweshaji, au hununua SSD ndogo ya pili kwa kazi hiyo tu. Ya nje inayopita kwenye tundu la USB 3 inafaa. Flashi haifai hata kidogo: huanza kwa kasi, ikishaandika kwa muda inalegea hadi unadhani programu imekufa. Wala usiweke kwenye diski ya mtandao.

Kijana_wa_Kompyuta

Lakini Fundi, kama gigabaiti 46 zipo, na bango lilihitaji 21, C haitajaa. Unamtoza dada ucheleweshaji kwa hofu ya jambo ambalo halijatokea.

FundiSeka

Lilihitaji 21 siku ile umeme ulipokatika. Hatujui lingefika wapi kama usingekatika. Lakini sikatai, akiweza kulichunga, C kwanza ina mantiki.

Namna ya kulichunga ni hii, BiPicha. Chini kabisa ya dirisha la picha, upande wa kushoto, kuna mstari unaoonyesha ukubwa wa faili, na pembeni yake mshale. Bonyeza mshale uchague Efficiency. Ikiwa asilimia 100, kazi yote inafanyika ndani ya RAM. Ikishuka, Photoshop imeanza kuandika kwenye diski, na kadiri inavyoshuka ndivyo uchaguzi wa diski unavyokuwa na maana. Hapohapo ukichagua Scratch Sizes utapewa namba mbili: ya kushoto ni kumbukumbu inayotumiwa na picha zote zilizofunguliwa, ya kulia ni RAM iliyotengwa kwa Photoshop. Ya kushoto ikiipita ya kulia mara nne au tano, ujue umeielekea siku ya ule ujumbe.

Lakini kabla hujanunua chochote, punguza bango. Hakuna mtu atakayelitazama bango la mita 3 kwa umbali wa kusoma kitabu. Pikseli 100 kwa inchi zinatosha kabisa, na wachapaji wengi wa mabango hupokea chini ya hapo. Ukishusha kutoka 300 hadi 100, pikseli zinapungua mara tisa, kwa kuwa unapunguza pande zote mbili: kila tabaka zima linatoka gigabaiti 1.9 hadi megabaiti 209 hivi. Hapo hata RAM yako ya 8 inatosha kwa sehemu kubwa, na mjadala wangu na Kijana unakosa kazi. Nenda Image > Image Size, acha Resample ikiwa na alama, andika 100. Fanya hivyo kwenye nakala, na ufanye sasa wakati C iko wazi, kwa sababu kule kupunguza kwenyewe kunahitaji nafasi ya muda.

BiPicha_Moro

Maandishi ya majina hayatakuwa na ukungu?

FundiSeka

Maadamu majina bado ni tabaka la maandishi, hayajageuzwa kuwa picha, yatachorwa upya kwa ukubwa mpya na kingo zake zitabaki safi. Yale uliyokwisha kuyageuza yatapungua pamoja na picha. Hayo yaandike upya.

Studio_Likoni, sasa zamu yako. Ulipochagua zana ya kukatia, kwenye mstari wa juu palikuwa pameandikwa nini?

Studio_Likoni

Ninatumia kipimo nilichokihifadhi mwenyewe: W x H x Resolution, halafu 35, 45 na 600. Picha ya pasipoti ni milimita 35 kwa 45, kwa hiyo namba ni sahihi.

FundiSeka

Namba ni sahihi, kipimo chake je? Tazama herufi zinazofuata ile 35.

Studio_Likoni

Imeandikwa `35 in`. Ni inchi! Basi nimekuwa nikikata picha ya pasipoti yenye upana wa karibu mita moja?

FundiSeka

Ndivyo. Inchi 35 kwa 45, kwa pikseli 600 kila inchi, ni pikseli 21,000 kwa 27,000, yaani milioni 567. Ni sawa na bango la BiPicha isipokuwa pungufu kidogo, kutoka kwenye picha ya megabaiti nne. Bonyeza Clear kwenye mstari huo, kisha andika upya `35 mm` na `45 mm` ukitaja kipimo. Dalili ya kosa hili ni kwamba ujumbe unakuja mara tu unapokata, hata picha ikiwa ndogo na hata diski ikiwa wazi. Anayepata ujumbe baada ya nusu saa ya kazi ana ugonjwa mwingine. Kuiondoa programu na kuiweka upya kungekusaidia kwa bahati tu, kama kungefuta na kile kipimo ulichokihifadhi.

Mhariri_wa_Zamu

Naomba kuchomekea la kwangu. Mimi ni mhariri wa picha Nairobi, ninatumia Mac, na kwangu hali ni mbaya zaidi kwa sababu Photoshop haifunguki kabisa. Inasema:

```
Could not initialize Photoshop because the scratch disks are full.
```

Siwezi kufika kwenye Preferences kubadilisha diski kwa kuwa programu haiwaki, na haiwaki kwa kuwa sijabadilisha diski. Cha ajabu ni kwamba Finder inaniambia nina gigabaiti 60 wazi.

FundiSeka

Iwashe, na papo hapo inapoanza shikilia Command na Option pamoja. Kwa wenye Windows ni Ctrl na Alt. Itakuletea kidirisha cha kuchagua diski kabla haijafunguka. Uwe mwangalifu usiguse Shift pamoja navyo, kwa sababu vitatu kwa pamoja huuliza kama ufute mipangilio yote.

Mhariri_wa_Zamu

Nilikwisha kugusa Shift mara ya kwanza, ikaniuliza, nikakataa. Mara ya pili kidirisha kimekuja, nimechagua diski ya nje ya SSD, imefunguka. Ahsante. Lakini zile gigabaiti 60 ni za uongo au ni za kweli?

FundiSeka

Mimi si mtu wa Mac sana, kwa hiyo nasema ninachokifahamu tu. Nafasi inayoonyeshwa na Finder inajumlisha ile ambayo mfumo unadhani unaweza kuisafisha ikihitajika, na humo mna picha za hali ya diski ambazo Time Machine huziweka kwenye diski ileile. Zitazame kwa kuandika hivi kwenye Terminal:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Mhariri_wa_Zamu

Ziko tisa. Nilizifuta kwa `tmutil deletelocalsnapshots` nikitaja tarehe ya kila moja, na nilipoirudisha diski ya ndani kwenye orodha, Photoshop ilifunguka bila kulalamika. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba ndizo zilizokuwa sababu, kwa kuwa katikati ya hapo niliwasha Mac upya, na kuwasha upya nako kulirudisha gigabaiti kadhaa.

Kijana_wa_Kompyuta

Swali langu la mwisho. Hakuna aliyetaja Edit > Purge > All. Mimi huitumia, na ule ujumbe huniondokea bila kufunga programu.

FundiSeka

Inafanya kazi, ila ujue unacholipa: inafuta hatua zote za kurudi nyuma na kilichonakiliwa, na Purge yenyewe hairudishwi. Hifadhi kwanza. Na usishangae ukitazama C ukaona nafasi haijarudi. Kwa uzoefu wangu Photoshop huitumia upya nafasi hiyo ndani ya faili lake la muda, lakini faili lenyewe halisinyai mpaka uifunge programu. Nimekutana na watu waliopiga Purge, wakaona diski bado nyekundu, wakaanza kufuta vitu vya watu.

BiPicha_Moro

Nimerudi. Nilishusha nakala ya bango hadi pikseli 100, nikaandika upya jina moja ambalo nilikuwa nimeligeuza picha, na faili sasa limekubali kuhifadhiwa kama PSD. Niliweka C ya kwanza na D ya pili kama alivyosema Kijana, Fundi unisamehe, na Efficiency haijashuka chini ya asilimia 100 isipokuwa nilipotia ukungu, ikafika 94 kisha ikarudi. Mchapaji amelipokea. Umeme ulikatika tena leo saa kumi, nikaenda moja kwa moja kwenye ile amri ya `dir`, nikakuta faili moja jipya la gigabaiti 3 likinisubiri.

Kijana_wa_Kompyuta

Umeona, Fundi? C kwanza.

FundiSeka

Nimeona, kwa bango la pikseli 100. Atakapoletewa lenye tabaka arobaini tutazungumza tena. BiPicha, hiyo betri inauzwa shilingi ngapi huko Morogoro?